Miaka 20 kwenye stoo moja ya chai: wasifu wa kazi uandikwe vipi

*"Habari za kazi. Nina miaka 44. Tangu 2005 niko kiwanda kimoja cha chai hapa Mufindi. Nilianza karani wa mizani ya majani, 2009 nikahamia stoo kama msaidizi, 2014 nikawa stokipa, na tangu 2019 ni msimamizi wa stoo zote mbili, ya spea na ya mbolea na dawa, nikiwa na watu 6 chini yangu. Mwaka 2017 tulitoka kwenye leja za mkono tukaingia kwenye kompyuta. Nina kidato cha nne na cheti cha ugavi cha 2012. Sasa nataka kutoka. Mafinga, Njombe, hata Mbeya mjini sawa. Lakini kila nikiandika wasifu naona jina moja la kampuni kutoka juu hadi chini, kama mtu ambaye hajawahi kutoka nje ya geti. Niandikeje?"*
Msomaji, Mufindi

Dada yangu, jina moja la kampuni halimsumbui mwajiri kama unavyodhani. Kinachomsumbua ni kushindwa kuona kilichobadilika kati ya 2005 na leo. Wasifu wa mtu aliyekaa sehemu moja kwa kawaida huandikwa hivi: jina la kiwanda, kisha "2005 hadi sasa", kisha majukumu kumi au kumi na mawili yaliyopangwa kwa mkupuo. Kupokea mali, kutunza mali, kutoa mali, kuandaa ripoti. Msomaji hajui lipi ulilifanya ukiwa msaidizi na lipi ulilifanya ukiwa na watu sita chini yako, kwa hiyo anasoma mwaka mmoja uliorudiwa mara ishirini. Wewe mwenyewe kwenye swali lako umetaja kazi nne na badiliko moja kubwa la mfumo. Tayari una wasifu mzuri kuliko ule ulioandika.

Anza na mpangilio. Andika jina la mwajiri mara moja tu, na miaka yote mbele yake. Chini yake panga vyeo vinne kila kimoja na miaka yake, cha sasa kikiwa juu:

> (Jina la kiwanda), Mufindi, Iringa, 2005 hadi sasa
> Kiwanda cha kusindika chai nyeusi, wafanyakazi (idadi), stoo 2
>
> Msimamizi wa Stoo, 2019 hadi sasa
> Stokipa, 2014 hadi 2019
> Msaidizi wa Stoo, 2009 hadi 2014
> Karani wa Mizani, 2005 hadi 2009

Ule mstari mdogo chini ya jina la kiwanda usiuache. Mtu wa Mbeya mjini anaweza kulijua jina la kampuni bila kujua ukubwa wake, na stokipa wa kiwanda chenye watu mia kadhaa si sawa na stokipa wa duka la vifaa vya ujenzi. Wala usirudie jina la kiwanda mara nne kana kwamba ni waajiri wanne. Anayepitia makaratasi haraka ataona umehamahama, halafu akigundua kuwa ni pale pale atadhani ulitaka kumficha kitu. Fomu ya mtandaoni ni jambo jingine: ikiwa mfumo unadai cheo kimoja kwa kila nafasi, jaza vyeo vinne kila kimoja kivyake, hata kama jina la mwajiri litajirudia, kwa sababu ukijaza kimoja tu cha juu mfumo utahesabu uzoefu wako kuanzia 2019.

Vyeo viandike kama vilivyo kwenye barua zako za uteuzi. Kuna kishawishi cha kujipandisha kutoka "Msimamizi wa Stoo" hadi "Meneja Ugavi" kwa kuwa tangazo limeandikwa hivyo. Mwajiri mpya akimpigia simu ofisa utumishi wa kiwanda, cheo ndicho kitu cha kwanza atakachouliza, na jibu likitofautiana na karatasi yako mambo yameishia hapo. Kama cheo chenu ni cha ndani kabisa, kwa mfano "Supavaiza B", kiandike hivyo kisha mbele yake weka mkato na useme ni nini: "Supavaiza B, msimamizi wa stoo ya vipuri na stoo ya mbolea".

Nafasi usiigawe sawa. Cheo cha sasa kipe mistari mitano au sita, ustokipa minne, usaidizi miwili, mizani mmoja. Watu wengi wenye miaka mingi hufanya kinyume: wanaikumbuka sana kazi ya kwanza, wanaiandikia nusu ukurasa, wakifika kwenye ya sasa wameishiwa pumzi. Hata hivyo ule mstari mmoja wa mizani ni wa thamani, usiufute. Kilo ulizoandika pale ndizo zilizolipia wachumaji na wakulima, na kwa kuwa zinahitajika kilo 4.5 hadi 5 za majani mabichi kupata kilo moja ya chai, mizani ikikosewa asubuhi hesabu ya kiwanda haikai sawa jioni. Andika: "Nilipima na kuandika majani mabichi kila siku; kumbukumbu zilitumika kulipia wachumaji na wakulima na kulinganishwa na chai iliyotoka kiwandani." Anayetafuta mtu wa kumkabidhi mali anaona kwamba umeaminiwa kushika namba tangu mwanzo.

Sasa tufike kwenye maneno yenyewe, maana hapo ndipo wasifu wa mtu wa sehemu moja unapojifunga. Ukikaa ndani ya geti miaka 20 lugha ya kiwanda inakuwa lugha yako. Unaandika "kusimamia spea za sitisi na draya" ukiamini umesema kila kitu, na kwa mtu wa chai umesema kweli. Lakini mwenye kiwanda cha mbao Mafinga au mwenye mashine za kusaga Makambako haoni chochote anachokihitaji. Kila mstari ujiulize: kitu hiki kinaitwaje na mtu ambaye hajawahi kuona jani la chai likikatwa?

Tuchukue draya kama mfano. Jani likishachumwa halikusubiri. Linanyaushwa saa 12 hadi 18, linakatwa, linaachwa lichachuke kwa muda mfupi, kisha linaingia kwenye draya hadi unyevu ushuke kwenye asilimia 3 hivi. Beringi ya feni ya draya ikifa usiku wa Februari, jani lililo nyuma yake linaendelea kuchachuka na hiyo chai imepotea. Hiyo maana yake ni kwamba stokipa wa Mufindi, msimu wa mvua, anaendesha akiba ya vipuri vya mashine ambazo haziruhusiwi kusimama. Ukiutoa mstari wako kwenye chai unakuwa hivi:

> Nilipanga kiwango cha chini cha akiba kwa vipuri muhimu vya mashine zinazofanya kazi usiku na mchana msimu wa uzalishaji, na kuagiza mapema ili mashine zisisimame kwa kukosa kipuri.

Hakuna neno chai hapo, na hakuna uongo hapo. Mwenye mashine za mbao anajua maumivu ya msumeno uliosimama siku mbili ukisubiri mkanda kutoka Dar es Salaam. Amekuelewa.

Fanya vivyo hivyo kwa badiliko la 2017. Usiandike "tulihamia kwenye kompyuta", maana kompyuta zilihamishwa na kampuni. Wewe ulifanya nini? Kwa kawaida kazi ngumu ya kutoka kwenye leja kwenda kwenye mfumo haikuwa kuandika, ilikuwa kusafisha majina. Beringi moja ya 6205 ilikuwa kwenye leja mara tatu: "beringi 6205", "beringi ya feni ndogo", na "B/6205" ya karani aliyestaafu. Kila jina lina salio lake, fundi anaambiwa haipo huku nyingine nne zimelala rafu ya nyuma. Aliyeyaunganisha majina hayo, akahesabu mali kwa mkono, akaingiza salio sahihi, ndiye aliyeufanya mfumo ufanye kazi. Kama ulikuwa wewe, andika:

> 2017: Nilisafisha orodha ya mali kabla ya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta, niliunganisha majina yaliyojirudia, nikapanga vipuri kwa namba za mtengenezaji, nikahesabu stoo yote na kuingiza salio la kuanzia.

Hilo la namba za mtengenezaji lina uzito wa pekee. Namba ya beringi haibadiliki ukivuka geti. 6205 ya Mufindi ndiyo 6205 ya duka lolote la vipuri Mbeya. Mtu anayepanga stoo kwa namba za nje anaweza kuingia stoo nyingine kesho na akafanya kazi, tofauti na anayejua "ile ya feni ndogo". Na mfumo wenyewe, kama unajulikana sokoni, mathalani Tally, Sage au SAP, utaje kwa jina. Kama ulitengenezwa na kampuni yenu na una jina ambalo hakuna anayelijua, acha jina, sema unachofanya humo: kupokea, kutoa, kuhamisha kati ya stoo, kutoa ripoti ya mali iliyokwama. Kama unatumia Excel kuandaa ripoti hizo, sema pia, lakini andika unachofanya nayo. "Ninajua kompyuta" haimwambii mtu chochote.

Stoo ya mbolea na dawa ndiyo ninayotaka uitazame kwa makini kuliko zote, kwa sababu nina hakika umeiandika kwa mstari mmoja na huenda ndiyo itakayokupa kazi. Mashamba mengi ya chai ya Mufindi yamekaguliwa kwa masharti ya Rainforest Alliance, shirika la kimataifa la kilimo endelevu, na ukaguzi huo hufika hadi stoo ya dawa. Mkaguzi anaangalia kama chumba kinafungwa na kina hewa, kama dawa iko kwenye chombo chake cha asili chenye lebo, kama mbolea imetengwa na dawa, kama kuna mchanga wa kumwagia dawa ikimwagika na maji ya kunawa macho, kama kumbukumbu za kuingia na kutoka zinalingana na kilichopo kwenye rafu. Sasa vuka uende Njombe kwenye vituo vya kufungasha parachichi kwa ajili ya kuuza nje. Wanunuzi wa nje wanataka cheti cha kilimo bora cha GLOBALG.A.P., na ukisoma masharti yake kuhusu stoo ya dawa utaona ni mambo yale yale uliyoishi nayo. Hata lile la dawa ya maji kutowekwa rafu ya juu ya dawa ya unga, ili chupa ikivuja isiharibu iliyo chini.

Kwa hiyo hapa una kitu ambacho hakikutoka kwenye kampuni yenu. Kimetoka nje, kikakupima, ukapita. Kwa mtu anayeogopa kuonekana amefungwa sehemu moja, huu ndio ushahidi wenye nguvu, kwamba kazi yako imepimwa na watu wasio wafanyakazi wa mwajiri wako na wasiokujua. Uandike kama mistari miwili au mitatu, na uwe mkweli kuhusu sehemu yako:

> Nasimamia stoo ya mbolea na viuatilifu inayokaguliwa na wakaguzi wa nje chini ya masharti ya Rainforest Alliance.
> Natunza orodha ya dawa kwa tarehe ya kuisha muda. Inayokaribia kuisha hutolewa kwanza, iliyoisha hutengwa na kuandikiwa taarifa.
> Nimefundisha wasaidizi 6 upokeaji salama, uvaaji wa vifaa vya kinga na hatua za kuchukua dawa ikimwagika.

Mstari wa pili utakusaidia hata nje ya kilimo. Stoo za hospitali na za wauzaji wa dawa za mifugo zinaendeshwa kwa kanuni hiyo hiyo ya kinachoisha mapema kitoke mapema, ilhali stokipa wengi wa vifaa vya kawaida wanajua ile ya kilichoingia kwanza kitoke kwanza pekee. Kama ukaguzi wowote ulitoa dosari kwenye stoo yako na ukairekebisha, hiyo pia ina nafasi, kwa mstari mmoja: dosari ilikuwa nini, ulibadilisha nini, ukaguzi uliofuata ulisemaje.

Namba sasa. Zinahitajika chache, tatu zinatosha, na kila moja uweze kuieleza ukiulizwa kwenye usaili. Ya kwanza ni ukubwa wa unachokitunza: aina ngapi za mali ziko kwenye orodha yako. Ya pili ni tofauti ya mali kwenye kuhesabu stoo ya mwisho wa mwaka. Ya tatu ni muda, kwa mfano siku ngapi zilihitajika kuhesabu stoo nzima kabla ya mfumo mpya na siku ngapi sasa.

Ya pili ndiyo inayosomwa kwanza na kila mwajiri wa stokipa, na ndiyo inayokosewa mara nyingi, kwa hiyo tuifanye polepole. Chukulia mfumo unasema stoo ina mali ya shilingi 640,000,000. Mmehesabu, mkakuta baadhi ya vitu vimepungua kwa jumla ya 2,120,000 na vingine vimezidi kwa jumla ya 3,000,000. Watu hutoa moja kwenye nyingine, wanapata ziada ya 880,000, wanaandika tofauti ni asilimia 0.14. Inapendeza, lakini mhasibu akiwa kwenye meza ya usaili ataibomoa kwa swali moja. Kilichozidi hakifuti kilichopungua. Vyote viwili ni makosa ya kumbukumbu, na mara nyingi kilichozidi ni kitu kilichotolewa kwa jina la kitu kingine. Jumlisha vyote: 2,120,000 na 3,000,000 ni 5,120,000. Gawa kwa 640,000,000, zidisha kwa 100, unapata asilimia 0.8. Hiyo ndiyo namba ya kuandika, na ukiweza kuonyesha mwaka uliopokea usimamizi ilikuwa ngapi na sasa ni ngapi, mstari huo unasimama peke yake: "Nilipunguza tofauti ya mali kwenye hesabu ya mwaka kutoka asilimia (…) mwaka 2019 hadi asilimia 0.8." Weka za kwako. Kama ya 2019 hukuirithi kwa maandishi, andika ya sasa peke yake. Namba moja yenye ushahidi inatosha.

Angalia kwamba kwenye wasifu nimebakiza asilimia nikaondoa shilingi. Thamani ya mali ya mwajiri wako, bei anazonunulia na majina ya wauzaji wake ni siri zake, na mwajiri mpya akiziona kwenye karatasi yako atajua na za kwake zitasafiri siku moja. Kwa mtu wa stoo hilo ni kosa zito. Kwa sababu hiyo hiyo usitoe nakala za ripoti nje ya ofisi ili ziwe ushahidi. Kaa na daftari lako, andika namba tatu na mwaka wake, basi.

Juu kabisa ya ukurasa, chini ya jina na simu, watu huweka aya ya "malengo yangu": natafuta kazi kwenye taasisi yenye changamoto ili nikuze kipaji changu. Iondoe. Weka mistari mitatu inayosema wewe ni nani kwa macho ya anayeajiri, na kwako ningeiandika hivi:

> Msimamizi wa stoo mwenye uzoefu wa vipuri vya mitambo, mbolea na viuatilifu. Nimeongoza wasaidizi 6, nimehamisha stoo kutoka leja za mkono kwenda mfumo wa kompyuta, na stoo yangu hukaguliwa na wakaguzi wa nje. Cheti cha ugavi, 2012.

Utaona sikuandika "miaka 20" hapo. Siifichi, miaka iko chini, wazi, na ninapinga ushauri wa kukata miaka ya mwanzo ili uonekane kijana. Lakini mstari wa kwanza ukianza na miaka 20, msomaji anaanza na umri wako badala ya kazi yako. Aanze na kazi, miaka ataikuta.

Elimu iwe fupi: cheti cha ugavi, kidato cha nne, na mafunzo mafupi. Shule ya msingi haina haja. Mafunzo ya ndani ya kiwanda yaandike kwa kilichofundishwa na mwaka, usiyaandike kwa jina la ndani la kozi. Kama umesajiliwa na PSPTB, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, weka daraja na namba ya usajili juu kabisa, kwenye ile mistari mitatu. Kama hujasajiliwa, shughulikia hilo kabla ya kuhangaika na rangi za karatasi. Cheti chako ni cha 2012, na anayesoma atajiuliza umejifunza nini tangu hapo. Usajili au hata kozi moja fupi ya mwaka huu au uliopita inajibu swali hilo bila wewe kulijibu.

Kuhusu dini, kabila, hali ya ndoa na picha, viache mpaka tangazo liviombe. Mshahara wa sasa usiuandike.

Wadhamini. Matangazo mengi huomba watatu, na mtu wa sehemu moja huwaweka wote watatu kutoka ofisi moja, ukuta ule ule tena. Tafuta hivi: mmoja ni bosi wako wa zamani aliyekwisha kuondoka kiwandani, ambaye sasa yuko kwingine, huyu ni bora kuliko wote, kwa sababu anakujua ndani na anaongea kutoka nje, na simu yake haitamfikia mwajiri wako kabla hujataka. Wa pili awe ni mkuu wa idara nyingine iliyokuwa ikichukua mali kwako, kama injinia wa kiwanda au meneja wa shamba, mtu anayeweza kusema spea ilipohitajika ilikuwepo. Wa tatu anaweza kuwa mwalimu wako wa chuo cha ugavi. Usimweke muuzaji anayewaletea mali. Hata kama ni mtu safi na mnaheshimiana, stokipa anayedhaminiwa na muuzaji wake anazua swali ambalo hutakuwepo kulijibu. Waombe ruhusa wote watatu, na kila mmoja mpe nakala ya wasifu ili aone ulichoandika. Na kwenye barua ya maombi weka sentensi moja ya heshima kwamba mwajiri wako wa sasa asiulizwe mpaka baada ya usaili. Ni ombi la kawaida na halimchukizi mtu.

Kwenye barua hiyo hiyo ndiko kunakojibiwa "kwa nini unaondoka baada ya miaka yote hii". Sentensi moja inayoelekea mbele inatosha, kwa mfano: "Natafuta stoo yenye mazao ya kuuza nje, ambako uzoefu wangu wa viuatilifu na ukaguzi utatumika zaidi." Malalamiko kuhusu kiwanda yasiingie, hata yakiwa ya haki.

Ukitaka kujaribu serikalini, jihimu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida hudai umri usiozidi miaka 45, isipokuwa kwa walioko tayari kwenye utumishi wa umma, na wewe una 44. Maombi yanapitia portal.ajira.go.tz, na matangazo yao husema wazi kwamba hati za matokeo na vyeti vya muda havikubaliwi. Wanataka vyeti kamili. Kama cheti chako cha 2012 ulichukua karatasi ya matokeo tu na hukurudi chuoni kufuata cheti chenyewe, safari hiyo ifanye wiki hii. Kwa sekta binafsi umri hauna mpaka wa namna hiyo, na kwa kazi ya kukabidhiwa funguo za stoo wengi huona afadhali mtu mzima.

Lugha: mashirika na viwanda vingi vya huku hutangaza kwa Kiingereza na hutarajia wasifu wa Kiingereza. Fuata lugha ya tangazo. Lakini andika kwanza kwa Kiswahili, kama nilivyofanya hapa, hadi kila mstari useme jambo moja unaloweza kulieleza kwa mdomo, ndipo uupeleke kwenye Kiingereza chepesi. Wanaoanza na Kiingereza hunakili misamiati mikubwa kutoka kwenye wasifu wa wenzao, na kwenye usaili wanaulizwa maana yake.

Ukimaliza, kurasa zisizidi mbili, hifadhi kama PDF, jina la faili liwe jina lako na cheo, mfano `Jina_Lako_Msimamizi_Stoo.pdf`. Kisha fanya jaribio hili kabla ya kuituma popote. Mpe mtu mwenye akili zake ambaye hajawahi kuingia kiwanda cha chai, mwalimu jirani au mwenye duka la vifaa Mafinga, pamoja na kalamu. Mwambie apige mstari chini ya kila neno asilolielewa, na baada ya kusoma akuambie bila kuangalia karatasi tofauti ya ulichokuwa ukifanya 2014 na unachofanya sasa. Penye mstari pana lugha ya kiwanda bado. Na kama tofauti haioni, rudi kwenye vyeo viwili vya juu: kuna sentensi inayofanana pande zote mbili, na ya ustokipa ndiyo ya kufuta.

Jambo la mwisho ni la siku utakayoondoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi ajira inapokoma. Usiondoke getini bila hicho, na kabla ya kukipokea hakikisha tarehe ya kuanza na cheo cha mwisho vinafanana na ulivyoandika kwenye wasifu. Pamoja nacho kusanya barua zako za uteuzi za 2009, 2014 na 2019. Kama moja imepotea, iombe nakala kwa ofisa utumishi sasa, ukiwa bado mfanyakazi, kwa sababu faili lako leo liko kabatini pake na mwakani huenda limeshapelekwa kwenye chumba cha kumbukumbu ambako hakuna anayeingia.